GPS inakufikisha barabarani, kamba inakufikisha kwenye tairi

Haya jamani habari za saa hizi, wale wa nyuma mnanisikia? Sogeeni sogeeni, viti vya mbele havina bima wala havina shida. Mimi kazi yangu ni kukagua magari yaliyopata ajali, bima wakishapokea madai wananipigia naenda kuangalia gari halafu naenda kuangalia mahali penyewe. Gari kuliona ni rahisi, liko yadi, limelala pale halina pa kwenda. Shida yangu miaka yote ni hiyo ya pili, mahali penyewe. Nafungua fomu nasoma "ajali ilitokea barabara kuu karibu na daraja", basi nimekwisha. Barabara kuu ina kilomita ngapi? Madaraja mangapi? Na karibu ni karibu ya mtu anayetembea kwa miguu au ya mtu aliyekuwa kwenye spidi ya 80?

Kwa hiyo leo naongea kitu kimoja tu, namna ya kuandika mahali pa ajali mpaka mtu ambaye hakuwepo aende wiki mbili baadaye asimame palepale, na nikisema palepale namaanisha kwenye mstari uleule wa barabara, upande uleule, sio "maeneo yale". Kabla ya yote, majeruhi kwanza, hazadi washa, pembetatu weka mbali, na kama sheria ya kwenu inasema gari lisiguswe mpaka trafiki afike basi lisiguswe. Hayo mnayajua na sina haja ya kuyarudia.

Sasa nianze na swali ambalo nikiuliza watu wananiona kama nawatania. Mahali pa ajali ni wapi? Wengi watakuonyesha gari lilipo. Hapana, pale ni mahali gari lilipoishia. Mahali lilipogongwa ni pengine, na kati ya hapo na pale panaweza kuwa na mita 3 au mita 40, inategemea spidi na uzito na kama breki zilikamata. Na ugomvi wote wa nani kamfuata mwenzake uko pale lilipogongwa, ndiyo maana unatakiwa kuandika vyote viwili na uviite kwa majina tofauti. Andika "sehemu ya kugongana" na "gari liliposimama", usiandike "eneo la tukio" ukadhani umemaliza.

Utajuaje waligongana wapi kama hukuona vizuri, maana mara nyingi mtu anashtuka tu tayari? Inama uangalie lami. Gari lolote linalotembea lina udongo mkavu umeganda chini, kwenye madigadi na kwenye chesisi, likigongwa ule udongo unadondoka kwa mkupuo, utakuta kirundo au mstari wa vumbi zito na vipande vya udongo, huo huwa unaanguka karibu kabisa na pale walipogusana. Vioo na plastiki za taa usivifuate sana, hivyo vinaruka vinaenda mbele kule gari lilikokuwa linaelekea, vikikudanganya vinakudanganya mita kadhaa. Halafu kuna mikwaruzo, ule mchubuko mweupe mbichi kwenye lami pale rimu au chuma cha chini kilipochimba, na kuna maji ya rejeta, yale yanaanza kudondoka jirani na pale kisha yanachora njia mpaka gari liliposimama, unaweza kuyafuata kama nyayo. Ila maji yanakauka, udongo unapeperushwa na kila gari linalopita, na mvua moja tu inaondoa karibu yote ukiacha huo mchubuko. Kwa hiyo una dakika chache.

Sasa simu. Najua mnasema wewe mzee simu ipo, natuma lokesheni imeisha. Tuma, mimi sikatazi, lokesheni ni nzuri sana na bila hiyo nimeshawahi kuzunguka asubuhi nzima natafuta kalvati. Lakini ujue inakupa nini. Simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi, anga linaonekana, inakosea kama mita 5 hivi kila upande. Katikati ya majengo marefu au chini ya miti mizito inakosea zaidi maana mawimbi yanagonga ukuta ndipo yakufikie. Na ukiwa ndio umetoa simu mfukoni, ile nukta ya kwanza unayoiona inaweza kuwa imekadiriwa kutoka mnara wa simu, hiyo inaweza kuwa mbali mita mia kadhaa. Ndiyo maana kwenye ramani kuna duara la bluu hafifu linaizunguka nukta, lile duara sio urembo, ndio simu inakwambia "niko humu ndani sehemu fulani". Subiri lisinyae. Simama nje ya gari, pembeni kabisa ya sehemu ya kugongana lakini pasipo na hatari, subiri nusu dakika hadi dakika nzima, halafu ndio uchukue.

Na watu wanakosea kwenye kutuma kwenyewe. Ukifungua Whatsapp ukabonyeza kutuma mahali ulipo, juu pana mahali ulipo wewe na pembeni yake au chini yake pameandikwa usahihi ni mita ngapi. Chini zaidi kuna orodha ya majina ya sehemu za jirani, shule, kituo cha mafuta, sijui kanisa. Mtu ana haraka anabonyeza jina, anasema si hapahapa. Umetuma pini ya kile kituo cha mafuta, sio yako! Nimeona fomu ambayo kwa mujibu wa pini malori mawili yamegongana ndani ya zahanati. Kuna na ile lokesheni inayotembea, ya dakika 15 au saa 1 au saa 8, ile usiitumie kabisa kwa kazi hii, inakufuata wewe, ukivutwa na brekadauni nayo inavutwa, mwisho inagandia yadi.

Kilicho bora chukua namba zenyewe. Kwenye Google Maps bonyeza na ushikilie pale kwenye nukta ya bluu mpaka pini ishuke, namba mbili zitatokea kwenye kisanduku cha kutafutia au chini kwenye maelezo ya pini, inategemea simu yako. Piga skrinshoti ili na saa ionekane, halafu ziandike na kwenye karatasi. Huna bando? Haidhuru, GPS haitaki bando, ramani itakuwa nyeupe haina michoro lakini namba zitakuja.

Ukiandika hizo namba usikate mkia. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita 1 ardhini, ya nne ni mita 11, ya tatu ni mita 111. Mtu akiniandikia tarakimu tatu tu kanipa kipande cha barabara kinachotosha msafara mzima. Na alama ya kutoa mbele, ile kistari, usiiache, maana ndiyo inayosema kusini au kaskazini. Mfano namba ya kwanza ni -3.45120, ukiacha kile kistari umeipeleka ajali yako kaskazini ya ikweta, karibu kilomita 770 kutoka ulipo. Na kuna kosa lingine la kimyakimya zaidi, mtu anasoma 3.4512 kama digrii 3 dakika 45 sekunde 12. Sio hivyo. Digrii 3 dakika 45 sekunde 12 ni 3.7533, umesogea kama kilomita 33. Hiyo ya kuvuka ikweta kila mtu ataicheka na kuirekebisha, lakini ya kilomita 33 inaangukia wilaya ya jirani, inaonekana ni kweli kabisa, kituo cha polisi kingine, na hapo ndipo unaambiwa "hii ajali haiko kwetu".

Sasa mniambie, barabara ya kawaida ya njia mbili, kila njia mita 3 na nusu, jumla mita 7. GPS yako inakosea mita 5 kila upande. Imeshakwambia gari lilikuwa njia ipi? Haijakwambia chochote. Imekufikisha barabarani, imekuonyesha ni barabara hii na ni kipande hiki, basi hapo kazi yake imeisha. Na ugomvi mwingi wa gari mbili ni nusu mita. Nusu mita ndani ya njia yako au nusu mita ndani ya njia yangu. Kwa hiyo hapo unahitaji kitu cha zamani sana, kamba.

Naomba niwape kisa, hiki nilikishika mwenyewe. Pikapu na lori dogo, barabara ya njia mbili, pana kona kidogo, wamekwaruzana ubavu kwa ubavu wakitokea pande tofauti. Pikapu tairi la mbele la upande wa katikati ya barabara limeng'oka karibu lote, rimu ikachimba lami. Wa pikapu anasema lori limenifuata njia yangu, wa lori anasema pikapu imenifuata njia yangu. Mashahidi hakuna. Trafiki alifika magari yameshasogezwa kufungua njia, akachora mchoro kwa maelezo ya watu, na kwenye mchoro alama ya kugongana iko katikatiii ya barabara, juu ya mstari, maana angefanyaje.

Fomu ya pikapu imeandikwa, mtakisia, "karibu na daraja". Lokesheni ipo, ilikuwa ile inayotembea, imeishia yadi. Mimi nimefika siku 9 baadaye, mvua imenyesha mara mbili. Nikampigia dereva, nikamwambia kaka hapa mimi sina kitu. Akasema subiri, utingo wangu alipima kwa kamba. Kwa kamba? Ndiyo, kamba ya turubai.

Yule utingo, kijana tu, hakuwa na tepu. Alichofanya ni hiki. Pembeni ya barabara upande wa pikapu kulikuwa na nguzo ya umeme yenye kibati cha namba, na mbele kidogo upande uleule kuna kalvati ina ukuta wa zege. Akashika kamba kwenye nguzo, akaivuta mpaka pale mchubuko wa rimu ulipoanzia, palipokuwa na kirundo cha udongo pia, akafunga fundo. Akarudi, akashika kamba ileile kwenye kona ya ukuta wa kalvati, ile kona ya upande wa nguzo, akaivuta mpaka palepale penye mchubuko, akafunga fundo la pili na akalifunga kitambaa asichanganye. Akapiga picha nne, moja inaonyesha namba ya nguzo kwa karibu, moja ameinua kamba imekazwa kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mchubuko. Basi. Kazi ya dakika 5, na walikuwa wawili, mmoja anaangalia magari yanayokuja.

Mnaona ujanja uko wapi? Nguzo haihami. Kalvati haihami. Kutoka nguzo mpaka kalvati ni mita ngapi, kutoka nguzo mpaka ukingo wa lami ni mita ngapi, upana wa njia, vyote hivyo unaweza kwenda kuvipima mwezi ujao kwa starehe zako. Kitu pekee kinachopotea ni lile doa kwenye lami, kwa hiyo umbali unaokuhusu siku hiyohiyo ni mbili tu, kutoka kitu cha kwanza kisichohama mpaka doa, na kutoka kitu cha pili kisichohama mpaka doa.

Nikaichukua ile kamba yadi nikaipima kwa tepu. Fundo la kwanza mita 13. Fundo la kitambaa mita 9 na sentimita 43. Nikarudi barabarani, nguzo mpaka kona ya kalvati mita 20 kamili. Na vyote viwili viko kwenye mstari mmoja sambamba na barabara, mita 2 kutoka ukingo wa lami. Sasa hesabu, msiogope, ni ya shule, kalamu na kikokotoo cha simu vinatosha. Niite a umbali wa kutoka nguzo, b wa kutoka kalvati, d ni ule wa kati ya nguzo na kalvati. Ninachotafuta ni x, yaani ukitoka kwenye nguzo utembee mita ngapi sambamba na barabara, halafu y, uingie mita ngapi kuelekea barabarani.

```
x = (a*a - b*b + d*d) / (2*d)
  = (169 - 89 + 400) / 40 = 12
y = √(a*a - x*x)
  = √(169 - 144) = √25 = 5
```

Mita 12 mbele ya nguzo, mita 5 ndani. Toa zile mita 2 za kufika kwenye lami, inabaki mita 3. Njia ina mita 3 na nusu. Kwa hiyo rimu ya pikapu ilianza kuchimba lami nusu mita ndani ya njia yake yenyewe kabla hujafika kwenye mstari wa katikati. Bodi inazidi tairi kidogo tu, ukiweka na kioo cha pembeni bado hajafika kwenye mstari.

Kuna mtu hapa atasema kamba inavutika, fundo linakula kamba, dogo alikosea. Sawa, tufanye alikosea, tufanye ile mita 13 kumbe ilikuwa 13 na sentimita 10. Rudia hesabu, y inatoka mita 5 na sentimita 10 hivi. Kosa la sentimita 10 limezaa kosa la sentimita 10, bado una sentimita 40 za kupumua. Ndiyo raha ya hii njia, wakati simu inakosea mita 5 kamba ya turubai inakosea kiganja.

Ila niwe mkweli na mkutano, mchubuko hausemi kila kitu. Rimu inaanza kuchimba pale tairi linapokuwa limeshaharibika na gari limeshalala, inaweza kuwa mbele kidogo ya pale walipogusana, na gari likigongwa ubavu linaweza kusukumwa pembeni. Ndiyo maana kile kirundo cha udongo kilinisaidia sana, kilikuwa palepale penye mwanzo wa mchubuko, na picha inakionyesha. Ningekuwa na mchubuko peke yake ningeandika kwa uangalifu zaidi. Nilichoandika ni vipimo, nani alipima, lini, kwa kitu gani, na kwamba umbali wa nguzo na kalvati nimeupima mimi siku ya 9. Dereva akapeleka maelezo ya nyongeza polisi na picha zile, wakaenda na trafiki mpaka kwenye ile nguzo, mchoro ukaongezewa vipimo na alama ikatoka juu ya mstari. Madai yaliyokuwa yamekwama yakaanza kutembea.

Sasa kuna mahali hii kamba inaweza kukuangusha. Kwanza vitu vyako viwili visiwe vimebanana, kama nguzo na kalvati zingekuwa zimepishana mita 1 ile pembetatu inakuwa nyembamba kama wembe na kosa dogo la kamba linakupeleka mbali. Wala doa lisiwe limelala karibu kwenye mstari uleule wa nguzo na kalvati, hapo ndio mbaya zaidi, ukivuta kamba zote mbili zinaelekea kulala sambamba. Ukisimama kwenye doa ukanyoosha mkono mmoja kwa nguzo na mwingine kwa kalvati, mikono ifanye kona inayoonekana, isiwe imenyooka kabisa kama msalaba wala isiwe imebanana kama unaomba. Ya yule dogo ilikuwa wazi vizuri. Pili umbali mbili zinakubali sehemu mbili, moja upande wa barabara na nyingine upande wa porini, kwa hiyo andika doa liko upande gani wa mstari. Hapa ilikuwa dhahiri, lakini kwenye makutano ya barabara sio dhahiri hata kidogo.

Na vitu visivyohama viwe kweli havihami. Usipime kutoka kwenye gari lililopaki, nimeshaona. Usipime kutoka kwenye kibanda, kesho kimehamishwa. Mti sawa lakini mti una unene, sema umepima kutoka upande gani wa shina. Nguzo yenye namba ni dhahabu kwa sababu namba inamaliza ubishi wa nguzo ipi. Mfuniko wa shimo la maji taka, kona ya daraja, kona ya ukuta wa jengo, kibao cha kilomita, vyote vizuri, na kila mara sema ni kona ipi. Ukuta wa kalvati una kona mbili za mbele, ukikosea kona umekosea urefu wa ukuta mzima.

Gari liliposimama pia linapimwa hivyohivyo kama mnaweza, ila lenyewe linataka madoa mawili, tairi la mbele na tairi la nyuma la upande mmoja. Doa moja linasema gari liko wapi lakini halisemi linaangalia wapi. Kama lazima lisogezwe haraka chora lami kwa chaki au jiwe pale kila tairi lilipokanyaga, piga picha, kisha sogeza. Huna kamba? Hatua. Tembea hatua zako za kawaida kutoka nguzo mpaka doa, hesabu, andika hatua 18, usizigeuze mita kichwani. Baadaye tembea sehemu ambayo umeipima kwa tepu, mita 20 labda unatumia hatua 27, basi hatua yako ni sentimita 74, ndio ugeuze. Hatua hazitakupa sentimita 10 lakini mara nyingi zitakusaidia kusema njia ipi, na ukiandika kuwa ni hatua hakuna atakayekuita mwongo.

Picha nazo jamani. Simu inaweza kuficha namba za mahali ndani ya picha yenyewe, lakini mpaka kamera iwe imeruhusiwa kutumia lokesheni, kaangalieni kwenye seting leo kabla hamjalala. Na ukiituma kwa Whatsapp kama picha ya kawaida zile namba zinafutwa njiani, itakuja picha tupu. Itume kama dokumenti, au baki na ile ya asili kwenye simu yako na usiifute. Halafu usipige bampa peke yake picha 30. Anza mbali, picha ambayo nguzo na doa na mstari wa katikati vyote vinaonekana humohumo, kisha sogea, sogea, mwisho ndio bampa. Picha ya bampa bila barabara inaniambia bampa limevunjika, na hilo nitaliona yadi.

Kuandika sasa. Kushoto na kulia viogopeni, kushoto kwa nani? Andika "ukitoka mji fulani kuelekea mji fulani, upande wa kushoto", hapo kushoto kuna mwenyewe. Yule wa pikapu maelezo yake ya pili yalikaa hivi, nabadilisha majina tu: "Barabara ya A kwenda B, ukitoka A kuelekea B, njia ya kwenda B. Sehemu ya kugongana ni mita 13 kutoka nguzo ya umeme namba fulani na mita 9.43 kutoka kona ya ukuta wa kalvati iliyo upande wa nguzo, kwa upande wa barabarani. Nguzo na kalvati vyote viko upande wa kushoto." Halafu namba za GPS, halafu imepimwa na nani, kwa kitu gani, saa ngapi. Sentensi chache tu hizo. Na maneno hayohayo, yaleyale, yaende polisi na yaende bima. Usipeleke "karibu na daraja" kule na "kwenye kona" huku, daraja na kona vinaweza kuwa sehemu moja kwako wewe uliyekuwepo, kwa mtu wa ofisini hizo ni ajali mbili na anayo haki ya kuuliza. Polisi wakishakuandikia omba usomewe kabla hujasaini. Ukikuta kosa baadaye usichovyechovye na kalamu juu ya karatasi iliyosainiwa, andika maelezo ya nyongeza yenye tarehe yake.

Haya naona mkono pale, dada uliyevaa kilemba. Eeh. Anauliza kama ajali ilitokea usiku, giza, huoni nguzo wala nini, afanye nini. Swali zuri. Usiku chukua namba za GPS na skrinshoti, chora matairi kwa chaki, na kama kuna usalama piga picha na flashi ukiwa karibu maana flashi haifiki mbali, halafu asubuhi mapema rudi. Mchubuko utakuwepo, chaki itakuwepo kama haijanyesha, pima asubuhi na uandike hivyohivyo kuwa umepima asubuhi yake. Usiandike ulipima usiku.

Na wewe kaka wa mwisho? Kamba iwe mita ngapi. Ukipata ya 30 hutakosa nguzo ndani yake mara nyingi, na iwe isiyovutika, zile za mpira mpira za kufungia mizigo kwenye keria hapana, ukiivuta kwa nguvu siku ile na ukailegeza siku ya kuipima umepata kipimo cha kamba, sio cha barabara. Ikae chini ya siti na chaki mbili ndani ya kopo.